Duara au fomula? Ushike ipi ukiambiwa utafute pembe zote kati ya 0° na 360°

Jioni huwa nakaa na watoto wawili wa kidato cha tano hapa Ngamiani, mmoja binti wa dada yangu na mwingine kijana anayesoma naye, wote PCM, na kila tukifika kwenye milinganyo ya trigo wanaanza kugombana. Binti anachora duara, kijana anaandika fomula ya jumla, afu kila mmoja anamwambia mwenzie njia yako inachelewesha. Wiki hii wamenibana, "mjomba hebu sema ipi tushike", nikaona bora niiandike yote vizuri maana najua kuna wengi wanaokwama palepale wanapokwama wao. Sio kwamba hawajui sain ni nini, hapana. Wanapata jibu moja au mawili wanaacha, kumbe majibu yalikuwa manne.

Nianze na swali ambalo ndo lilileta ugomvi, tulifanye kwa njia zote mbili:

sin(2x + 40°) = 0.5, x iko kati ya 0° na 360°

Kwanza duara. Duara la yuniti ni duara ambalo nusu kipenyo chake ni 1 na kitovu chake kipo pale mihimili inapokutana. Pembe unaanza kuihesabu kulia, kwenye mhimili wa x, unazunguka kinyume na saa. Pointi ikikaa juu ya duara, kimo chake kutoka mhimili wa x ndo sain, na umbali wake wa kulia au kushoto kutoka mhimili wa y ndo kosain. Basi, hicho tu. Kwa hiyo sain kuwa 0.5 maana yake unatafuta kila mahali kwenye duara ambapo kimo ni nusu, unapiga mstari mlalo kwenye kimo cha 0.5 na mstari huo unakata duara sehemu mbili, kulia kwenye 30° na kushoto kwenye 150°.

Hapo ndo wengi wanakosea, na nitaeleza taratibu kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe. Pembe iliyo ndani ya sain sio x, ni 2x + 40°. Tuipe jina, tuseme u. Sasa x ikianza 0° u inaanza wapi? 40°. Na x ikifika 360° u imefika 720 + 40, yani 760°. Kwa hiyo u inasafiri kutoka 40° mpaka 760°, mizunguko miwili kamili, ila haianzi sifuri, inaanzia 40 na inakuja kuishia palepale ilipoanzia.

Siku ile kulikuwa na baiskeli uani (Tanga hii baiskeli haikosekani nyumba yoyote) tukaigeuza miguu juu, nikawaambia tuchukulie urefu wa kutoka katikati ya gurudumu mpaka kwenye rimu ndo 1, na ile valvu ya kujazia upepo ndo pointi yetu. Tukafunga uzi mlalo kwenye kimo cha nusu ya huo urefu, juu ya kitovu. Valvu tukaiweka kulia, imeinuka kama 40° hivi. Angalia kwanza, pale 40° valvu tayari iko juu ya uzi, kwa sababu sain ya 40° ni kama 0.64, imeshaipita 0.5. Kisha binti akazungusha polepole kijana anahesabu kila valvu inapopita kwenye uzi. Ikapanda juu kabisa, ikateremka upande wa kushoto ikapita uzi, hiyo ni 150°. Ikaenda chini, ikazunguka ikapanda tena kulia, ikapita uzi kwenye 30° lakini sasa ni mzunguko wa pili kwa hiyo ni 390°. Ikateremka tena kushoto, 510°. Ikazunguka chini ikapanda kulia, ikapita uzi kwenye 750°, ikasogea digrii 10 tu ikafika 760° tukaisimamisha.

Mara nne. Ndo hapo mwisho kabisa unaanza kutoa 40 na kugawa kwa 2:

150 − 40 = 110, x = 55°
390 − 40 = 350, x = 175°
510 − 40 = 470, x = 235°
750 − 40 = 710, x = 355°

Sasa tazama makosa mawili ambayo duara linakuonyesha wazi. La kwanza ni ile 30° ya mwanzo. Kalkuleta ukibonyeza sin⁻¹(0.5) inakupa 30, na mtu anaipenda kwa sababu imetoka kwenye mashine, anatoa 40 anapata −10, anagawa anapata −5°, anaona ni hasi anaitupa. Kuitupa ni sawa, maana u haijawahi kupita 30° sababu imeanza safari 40°. Shida anaitupa pamoja na ile 750 inayokaa palepale kwenye duara, kwa kuwa ameambiwa "mizunguko miwili ni mpaka 720" akaishia hapo. Anabaki na majibu matatu. Ukiona umepata matatu kwenye swali la aina hii shtuka, kwa sababu kila mzunguko uzi unapitwa mara mbili na mizunguko ni miwili, kwa hiyo lazima ziwe nne.

La pili, na hili nimeliona kwenye madaftari mengi kuliko yote, mtu anapata 30 na 150, anatoa 40 anagawa kwa 2, anapata −5 na 55, afu ndo anaanza kuongeza 360, anapata 355 na 415. Anaiacha 415 maana imepita mpaka, anaandika 55° na 355°. Yote mawili ni sahihi! Ukiyarudisha kwenye swali yanakubali, ndo maana hashtuki, lakini 175 na 235 zimepotea, na nusu ya majibu ndo imekwenda. Mzunguko mzima wa 360° ni wa u, sio wa x. U ikizunguka 360 x inasogea 180 tu. Kwa hiyo ongeza 360 kabla hujagawa, au kama umeshagawa basi unachoongeza ni 180. Kwenye gurudumu kosa hili halitokei kwa sababu unazungusha kwanza, hesabu ya kugawa inakuja mwisho.

Haya sasa kijana na fomula yake. Kwa sain fomula ya jumla ni

u = 180°n + (−1)ⁿ α

ambapo α ni ile pembe ya kalkuleta, hapa 30°, na n ni namba nzima yoyote, hasi, sifuri au chanya. Ile (−1)ⁿ ndo inabadilisha alama, n ikiwa shufwa unajumlisha α, ikiwa witiri unatoa. Ukiweka u = 2x + 40° ukapanga vizuri unapata

x = 90°n + (−1)ⁿ 15° − 20°

Weka n = 0 unapata −5. n = 1 unapata 55. n = 2 unapata 175, n = 3 unapata 235, n = 4 unapata 355, n = 5 unapata 415 imeshapita. Majibu yaleyale manne. Na kwa kweli kijana alimaliza mapema kuliko binti, hilo nililikubali mbele yao wote wawili.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Fomula ni kama barabara zetu za namba hapa Ngamiani, ya 1, ya 2, ya 3, unahesabu unakwenda huna haja ya kutazama pembeni, lakini haikwambii unashukia ya ngapi. Kuanza na kuishia ni kazi yako. Ukianza n = 0 ukafikiri huko nyuma hakuna kitu unaweza kupotea, hasa mipaka ikiwa na upande wa hasi. Niliwapa hili: sin x = −0.5, x iko kati ya −180° na 180°. Kijana akaweka α = −30°, n = 0 ikampa −30°, n = 1 ikampa 180 + 30 = 210° imepita mpaka, akafunga kitabu na jibu moja. Hakujaribu n = −1, ambayo inatoa −180 + 30 = −150°, na hiyo iko ndani. Binti alipiga uzi chini ya kitovu kwenye kimo cha −0.5, akaweka kidole kushoto kabisa ambako ndo −180°, akazunguka kinyume na saa kupitia chini, akaukuta uzi kwenye −150°, akaukuta tena kwenye −30°, akapanda juu mpaka kushoto tena hakuna kitu. Majibu mawili, na hakuhitaji kukumbuka n inaanzia wapi.

Mimi hapo naegemea duara waziwazi. Swali likiwa na mipaka na likiwa la sain au kosain, duara ndo njia ya kushika kwanza, kwa sababu mipaka yenyewe inakuwa mwanzo na mwisho wa safari.

Kuna na hili la pointi ya juu kabisa. Chukua 2cos²x + sin x = 1 kati ya 0° na 360°. Unabadilisha cos²x kuwa 1 − sin²x, ukipanga unapata 2sin²x − sin x − 1 = 0, inagawanyika (2sin x + 1)(sin x − 1) = 0, kwa hiyo sin x ni −0.5 au 1. Ile −0.5 inatoa 210° na 330°. Lakini sin x = 1? Uzi wa kimo 1 haukati duara sehemu mbili, unaligusa tu kileleni, pembe ni 90° peke yake. Jumla majibu matatu. Kwenye fomula α = 90° inakupa 90 ukiweka n = 0, na n = 1 inakupa 180 − 90 = 90 tena, jibu lilelile mara mbili, na nimeona mtu anaandika 90°, 90° anahesabu ameshapata mawili, au anaanza kutilia shaka hesabu yake yote. Fomula haijakosea, ila haikuonyeshi kwamba hizo mbili zimegongana. Na ndo maana ile kanuni ya "kila mzunguko mara mbili" ina mpaka wake, uzi ukiwa kwenye 1 au −1 ni mara moja, na ukiwa juu ya 1 au chini ya −1 haugusi duara kabisa, hapo jibu ni kwamba hakuna. Pia pale mwanzo wa safari na mwisho wake vikiangukia kwenye uzi wenyewe linaongezeka jibu moja, mfano sin 2x = 0 kutoka 0° mpaka 360° ukijumuisha mipaka yote miwili ni matano: 0, 90, 180, 270, 360. Kwa hiyo soma alama za mipaka, ≤ na < sio kitu kimoja, ukiwekewa < upande wa 360 basi 360 haimo na yanabaki manne.

Kosain nayo ni hivohivo, ila uzi unasimama wima badala ya kulala. Ndo maana pacha wa pembe unapatikana tofauti. Kwenye sain kioo ni mhimili wa wima, pacha wa α ni 180 − α. Kwenye kosain kioo ni mhimili mlalo, pacha ni 360 − α. Watoto wanakariri haya mawili afu siku ya mtihani wanayabadilishana, lakini ukichora uzi huwezi kuyabadilisha kwa sababu unaona. Mfano cos x = −0.3, kalkuleta inakupa 107.46°, uzi wa wima uko kushoto, pointi ya pili iko chini yake moja kwa moja, 360 − 107.46 = 252.54°. Haijalishi kwamba namba ni mbaya, kalkuleta inatoa pointi ya kwanza na mchoro unatoa ya pili.

Sasa nisimnyime kijana haki yake, kuna maswali ambayo fomula inalishinda duara mbali. La kwanza ni tanjenti. Fomula yake ni rahisi mno, u = 180°n + α, hakuna (−1)ⁿ hakuna ±. Ukipewa tan 3x = 1 kati ya 0° na 180°, unaandika 3x = 45° + 180°n, x = 15° + 60°n, majibu 15, 75, 135, umemaliza kwa mstari mmoja. Kwenye duara tanjenti sio kimo wala upande, ni mwinuko wa mstari unaopita kitovuni, unalikata duara pande mbili zinazotazamana, sawa inaonekana, ila inabidi uzungushe mzunguko mmoja na nusu kwa sababu 3x inafika 540°, na huna unachopata zaidi ya fomula.

La pili ni pale pande zote mbili zina pembe. Mfano cos 3x = cos x. Hapo uzi utauweka wapi? Mahali pa uzi penyewe panahama. Ungehitaji valvu mbili zinazokimbia kwa kasi tofauti, moja mara tatu ya mwenzie, na kutazama zinapolingana. Fomula ya kosain, u = 360°n ± α, inalimaliza: 3x = 360°n + x inatoa x = 180°n, na 3x = 360°n − x inatoa x = 90°n, ambayo imeshazibeba zile za kwanza. Kwa hiyo kati ya 0° na 360° ni 0, 90, 180, 270, 360. Na la tatu, swali likisema tafuta suluhisho la jumla bila mipaka, basi lazima uandike fomula yenye n, mchoro peke yake haukupi maksi.

Binti akauliza, "mjomba kwa nini tusichore grafu tu?" Grafu inafaa kuhesabu majibu ni mangapi, wimbi la sin(2x + 40°) likipita kwenye mstari wa 0.5 unaona mikato minne bila shida. Ila kuchora wimbi lililosogezwa na kubanwa kwa mkono kunakula muda, na pembe zenyewe huzisomi sawasawa. Duara unalichora kwa sekunde kumi pembeni ya karatasi.

Kuna swali moja la mwisho nililowapa ambalo kwangu ndo linaonyesha duara linafanya kitu ambacho fomula haifanyi. sin x + cos x = 1, kati ya 0° na 360°. Kijana akapandisha pande zote kipeo cha pili, akapata 1 + 2 sin x cos x = 1, kwa hiyo sin 2x = 0, fomula ikampa 0, 90, 180, 270, 360. Majibu matano, fomula kaitumia vizuri kabisa. Lakini weka 180: sain ni 0, kosain ni −1, jumla −1 sio 1. Na 270 pia inatoa −1. Kupandisha kipeo kumeingiza majibu ya sin x + cos x = −1, na fomula haina namna ya kujua. Binti yeye akasema kosain ni upande na sain ni kimo, kwa hiyo upande + kimo = 1 ni mstari wa kawaida tu unaopita (1, 0) na (0, 1). Akauchora, mstari umelala kwenye robo ya kwanza, unakata duara kwenye ncha hizo mbili basi, 0° na 90°, na 360° kwa kuwa mpaka umejumuishwa. Matatu. Kijana akakaa kimya akiangalia ule mstari, akachukua penseli akaanza kuchora ule mwingine, upande + kimo = −1, kushoto chini, na zile 180 na 270 zake zikatokea hapo kwenye ncha zake.

Tulivyokubaliana baada ya hapo ni kwamba kijana anaendelea na fomula kwa tanjenti na kwa maswali yasiyo na mipaka, lakini yakiwa ya sain au kosain yenye mipaka anaandika kwanza mstari mmoja juu, u inaanza wapi na inaishia wapi, kama 40° ≤ u ≤ 760°, anachora duara dogo na uzi anahesabu idadi, ndo anaweka n. Zikitofautiana idadi anarudi kutafuta. Jana kaniletea cos(3x − 60°) = 0.5 kati ya 0° na 180°, duara lake linaanzia −60° linaishia 480°, na uzi unaangukia palepale kwenye −60° ya mwanzo. Akahesabu −60, 60, 300, 420, akatoa x = 0, 40, 120, 160, afu akaniuliza kama ile sifuri inahesabika. Nikamwambia angalia alama ya mpaka. Ilikuwa ≤.